Laini ya Pili au Nambari ya Intaneti?

Shangazi yangu huuza halwa hapa Langoni. Nambari yake ya simu aliiandika kwenye vifurushi, na sasa watu asiowajua wampigia hata saa sita za usiku. Binamu yangu amemshauri achukue nambari ya intaneti, ile isiyo na kadi. Mimi nasema la, achukue laini ya pili.

Kwanza, M-Pesa hukaa kwenye laini. Mteja wa Shela akitaka kulipa, shangazi itambidi ampe nambari ile ile ya nyumbani. Sasa ameficha nini?

Pili, nambari ya intaneti kwa kawaida ni ya kukodi. Ada ikikatika, kampuni yaweza kumpa mtu mwingine. Huyo akifungua WhatsApp kwa nambari hiyo, tarakimu sita za kuthibitisha zitamfikia yeye, na wateja watazungumza na mgeni wakidhani ni shangazi. Laini pia ikiachwa muda mrefu huchukuliwa, lakini ya biashara hailali bure.

Nakubali, laini husajiliwa kwa kitambulisho, na anayetuma pesa huliona jina la mwenyewe. Asiyetaka hayo aombe nambari ya Lipa na M-Pesa, mteja aone jina la duka. Kwani kampuni ya intaneti nayo haioni nani kapiga na lini?

Kadi hiyo shangazi aitie katika kabambe yake peke yake, na baada ya isha aizime. Halwa haiozi kwa usiku mmoja.