Usibishane bei kabla ya kupima mzani

Ndugu mkulima, siku ya soko Ngaramtoni au Tengeru nawaona wengi wakibishana na mnunuzi nusu saa kwa ajili ya shilingi 100 ya kilo, kisha gunia linaning'inizwa kwenye mzani ambao hakuna aliyeukagua. Kwa maoni yangu hapo tunaanzia mwisho.

Chukua mfano wa gunia la maharage lenye kilo 100 kamili. Mnunuzi wa kwanza anatoa 1,900 kwa kilo na mzani wake ni sahihi, kwa hiyo utapata 190,000. Wa pili anakubali 2,000, lakini mzani wake unasoma kilo 94. Utapata 188,000. Umeshinda bei, umepoteza fedha.

Utaujuaje mzani huo? Kwanza tazama mshale wakati ndoana haina kitu. Lazima usimame kwenye sifuri. Lakini hilo pekee halitoshi, kwa sababu springi iliyochoka au kuchezewa huanza vizuri na kudanganya mzigo unapoongezeka. Ndiyo maana kupima debe mojamoja na kujumlisha hakusaidii sana. Pima kitu unachokijua uzito, na kiwe kizito. Mfuko wa mbolea au saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa unafaa. Ukisoma 47, basi kila 47 ya mzani ule ni 50 zako, na gunia la kilo 100 litasoma 94. Tofauti ndogo sana isikusumbue, maana hata mfuko wenyewe una uzito kidogo.

Angalia pia stika ya Wakala wa Vipimo. Mizani ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Stika inaonyesha kuwa ulikuwa sahihi siku ile, haizuii mtu kuuharibu baadaye, kwa hiyo jaribio la mfuko libaki palepale. Na mnunuzi akikata kilo nzima kwa ajili ya kiroba, mwombe akipime kikiwa kitupu. Cha plastiki hakifiki hata nusu kilo.

Unapokuwa wewe mnunuzi, duka la pembejeo mjini Arusha lina mtego wake. Kabla hujaondoka kaunta, soma risiti ya EFD: idadi, bei ya kimoja, jumla. Umenunua mifuko 3 kwa 70,000, jumla iwe 210,000. Ikiandikwa 70,000, huna ushahidi wa mifuko miwili siku utakapokuta mbolea ina kasoro. Namba ya uhakiki iliyo kwenye risiti unaweza kuijaribu kwa simu kwenye verify.tra.go.tz.

Ushauri wangu kwa vikundi: msianze na kununua mzani. Tengeni kwanza mfuko mmoja wa kilo 50, uende sokoni pamoja na mzigo. Mnunuzi anayekataa usipimwe amekwisha kuwajibu.