Dhahabu Haisubiri Tangazo

Kuna ujumbe ambao hauishi kuzunguka katika simu za vijana wa Sinza, Mwenge na Kinondoni kila inapokaribia siku ya kikao cha Benki Kuu ya Marekani. Maneno hubadilika, hoja ni ileile: "Jumatano wanapunguza riba, nunua dhahabu leo." Anayeuandika hujiita mtaalamu, na mara nyingi hudai ada ya darasa. Ninaandika kupinga ujumbe huo. Naandika pia kupinga kauli ya upande wa pili, inayosikika hata ndani ya ofisi za umma, kwamba dhahabu kupanda kabla ya uamuzi wowote ni ushahidi wa hila za mabeberu waliovujishiwa siri. Kauli hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini zina mzazi mmoja: imani kwamba bei huamka siku ya tangazo.

Tuanze na msingi. Dhahabu haizai. Mwenye wakia moja leo atakuwa na wakia moja mwakani. Mwenye hatifungani ya serikali ya Marekani, kwa upande mwingine, hulipwa riba. Kwa hiyo kushika dhahabu kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti, nayo ni riba uliyoikosa baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Riba hiyo ikishuka, gharama ya kushika dhahabu hupungua, na watu huwa tayari kuilipia zaidi.

Hadi hapo mtaalamu wa kwenye simu yuko sahihi. Kosa lake ni kudhani kwamba riba inayohesabiwa ni ya leo. Anayenunua dhahabu hainunui kwa ajili ya alasiri moja. Anailinganisha na hatifungani ya miaka miwili, mitano au kumi. Mapato ya hatifungani hizo hubeba makisio ya riba ya miezi na miaka ijayo. Makisio yakibadilika Ijumaa, mapato ya hatifungani hubadilika Ijumaa hiyohiyo, na dhahabu nayo husogea, hata kama kikao kiko mbali mwezi mzima.

Sisi wa Dar es Salaam hatupaswi kushangazwa na jambo hili. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Zikienea dalili kwamba bei itapanda, foleni kwenye vituo hurefuka tangu Jumanne jioni. Hakuna siri iliyovuja. Watu wametazama soko la dunia na kufikiri. Tofauti ni kwamba bei ya mafuta ina kikomo, kwa hiyo matarajio hujitokeza kama foleni. Dhahabu haina kikomo, kwa hiyo matarajio hujitokeza kama bei. Muuzaji anayeamini kwamba mali yake itakuwa ghali zaidi Jumatano hataiachia Jumanne kwa bei ya chini.

Tuchukue Septemba 2024, mwezi ambao wahubiri wa tangazo huutaja kama ushindi wao. Tangu Julai 2023 riba ya Marekani ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Mwanzoni mwa 2024 wakia moja ilikuwa karibu dola 2,060. Tarehe 2 Agosti takwimu zilionyesha kwamba ukosefu wa ajira Marekani umefika asilimia 4.3. Tarehe 23 Agosti Mwenyekiti Jerome Powell alisema hadharani, huko Jackson Hole, kwamba wakati wa kubadili sera umewadia. Dhahabu ilikuwa tayari karibu dola 2,500, na hakuna hata robo ya asilimia iliyokuwa imepunguzwa. Hakukuwa na siri wala mvujishaji. Hotuba ilirushwa moja kwa moja.

Mkesha wa kikao cha tarehe 18 Septemba ubishi haukuwa kama riba ingepunguzwa, bali kwa kiasi gani: robo au nusu asilimia. Makisio haya yana soko lake mjini Chicago, ambako bei ya mkataba ni 100 ukitoa riba inayotarajiwa. Tuseme wafanyabiashara walitoa nafasi sita kati ya kumi kwa nusu, na nne kwa robo. Sita ya kumi ya 0.50 ni 0.30, nne ya kumi ya 0.25 ni 0.10. Jumla ni 0.40. Maana yake bei ya dhahabu ya Jumanne imeshabeba punguzo la 0.40. Benki ikitangaza 0.50, habari mpya si nusu asilimia. Ni 0.10 tu, tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea.

Nusu asilimia ndiyo iliyotangazwa. Dhahabu iliruka hadi karibu dola 2,600. Kisha Powell akawaambia waandishi wa habari kwamba wasiichukue nusu hiyo kuwa mwendo mpya. Makisio ya mbele yakarekebishwa, na siku ile ikafungwa dhahabu ikiwa chini kuliko ilivyoanza. Punguzo kubwa kuliko makisio, na bei ikashuka! Aliyenunua kwa kusikia tangazo alinunua kileleni.

Haitoshi. Mnunuzi wetu wa Kinondoni hulipa kwa shilingi. Septemba ile dola ilikuwa kiasi cha shilingi 2,700, hivyo wakia ya dola 2,600 ilimgharimu kama shilingi 7,020,000. Mwishoni mwa Desemba wakia ilikuwa bado karibu dola 2,600, lakini shilingi ilikuwa imeimarika hadi karibu 2,400 kwa dola. Wakia ileile sasa ni shilingi 6,240,000. Laki saba na elfu themanini zimeyeyuka, bila sonara wa Magomeni kumdhulumu mtu.

Wala nisieleweke kwamba anayewahi makisio hupata daima. Makisio hukosea. Mwanzoni mwa 2024 soko lilitarajia riba ianze kupunguzwa mapema mwaka huo. Tarehe 13 Februari takwimu za mfumuko wa bei wa Marekani zikatoka juu kuliko ilivyodhaniwa, na dhahabu ikaanguka chini ya dola 2,000. Hapo napo benki kuu haikuwa imeamua lolote. Tena riba si dereva pekee: kuanzia 2022 hadi 2024 benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kwa mwaka, na hiyo ni sababu mojawapo ya dhahabu kuvunja rekodi mwishoni mwa 2023 wakati riba ya Marekani ikiwa juu.

Kwa wanafunzi wangu, kipimo ni hiki: mtu akikuambia riba itapunguzwa, muulize soko limeshakisia punguzo la kiasi gani. Asipoweza kujibu, hana anachokuuzia. Na kwa mtumishi wa umma anayeandaa makadirio ya mrabaha au kumshauri mchimbaji mdogo wa Geita: usiandike kwamba bei itapanda "baada ya" uamuzi wa Marekani. Mchimbaji aliyeambiwa ashikilie mzigo wake hadi siku ya tangazo ameambiwa asubiri malipo ambayo soko lilikwisha kuyatoa, tena kwa gharama ya dizeli na vibarua wanaomdai kila jioni. Ushauri wa namna hiyo si uzalendo. Ni uvivu wa kusoma, na anayeulipia si yule aliyeutoa.