Mwaka wa Kuiva Si Kinga

Mdhamini wa mfuko mmoja wa wafanyakazi alinitandazia karatasi mezani kwa fahari. Deni la kiinua mgongo, shilingi milioni 221, linadaiwa baada ya miaka 7. Pembeni yake, hatifungani ya serikali ya miaka 7, imenunuliwa kwa milioni 100, riba asilimia 12. "Mwaka kwa mwaka, bwana. Hapa tumefunga."

Wamefunga nini? Wametundika kufuli ukutani na mlango uko wazi!

Milioni 221 ni milioni 100 zikikua kwa asilimia 12 miaka yote 7 bila kupumzika. Lakini hatifungani haikui, inalipa. Kila mwaka inatema kuponi ya milioni 12 (serikali hulipa kila miezi sita, nami narahisisha), na kila kuponi lazima itafutiwe pa kuwekwa kwa riba ya siku hiyo. Riba ikishuka kesho hadi 9 na kubaki hapo, mwishoni zitapatikana milioni 210. Pungufu ni karibu milioni 11. Nani atakwenda kumweleza mstaafu?

Ukipima kila malipo kwa thamani yake ya leo, pesa za hatifungani ile zinarudi kwa wastani wa miaka 5.1. Wastani huo ndio unaotakiwa kulingana na muda wa deni, si tarehe ya kuiva. Frederick Macaulay aliueleza mwaka 1938. Frank Redington, mtaalamu wa hesabu za bima Uingereza, akaonyesha mwaka 1952 namna ya kukinga madeni kwa njia hiyo. Na sisi bado tunasoma tarehe tu!

Milioni 100 zilezile, kwa riba ileile, zingegawanywa karibu nusu kwa nusu: hatifungani ya miaka 10, yenye wastani wa 6.3, na ya miaka 15, yenye wastani wa 7.6. Kwa pamoja zinatua kwenye 7. Riba ikishuka hadi 9, kuponi zinapata kidogo, lakini hatifungani ambazo hazijaiva zinauzwa mwaka wa saba kwa bei nzuri. Ikipanda hadi 15, bei inaanguka, kuponi zinanenepa. Nimepiga hesabu pande zote mbili: milioni 222 na nusu hivi.

Ila usinunue ukalala. Mwaka mmoja ukipita, deni limebakiza miaka 6, lakini wastani wa kapu lako, kuponi zikirudishwa humohumo, umeshuka hadi 6.7 tu. Lazima uuze kidogo zile ndefu, ununue fupi, na urudie hivyo kila mwaka. Pale ambapo wanunuzi ni wachache, utaumia kwenye bei. Tena riba za muda mfupi na mrefu zisipotembea pamoja, kinga inavuja.

Nilimwuliza mdhamini kuponi ya kwanza wameiweka wapi.

"Ipo akaunti ya hundi," akasema. "Inasubiri kikao."