Joka la Mwanetu

Tulirudi Mbuchi na picha moja tu ya bustani ya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam: sisi watatu kwenye benchi. Mwanetu wa miaka sita aliitazama, akalia. "Joka langu liko wapi?" Alilichora kwa penseli za rangi alipokuwa mgonjwa, na pale kwenye benchi aliliachia nafasi pembeni yake.

Baba yake hakumcheka. Aliupiga mchoro picha kwa simu, kivulini, ili mkono wake usitie giza kwenye karatasi. Akafuta weupe wote kandokando, akalibandika joka kwenye ile nafasi. Mtoto akatikisa kichwa. "Linaelea, Baba."

Kweli, lilielea. Vivuli vyetu vyote vililala kushoto. Joka halikuwa nacho. Baba akalitilia kivuli upande uleule, hafifu kama vyetu, kikianzia kwenye kucha zake. Kisha akaufuta mkia pale ulipokatiza benchi, ukaonekana umepita nyuma. Mistari iliyopinda hakuigusa. (Sisi akina mama tungeinyoosha, tukaharibu!)

Mtoto akaitazama kimya. "Eee," akasema, "sasa limekaa."