"Siku saba za kazi" ni stori ya kadi, si ya M-Pesa

Wasee wa Mowlem, kuna sentensi maduka ya mtandaoni yanaipenda sana: "Pesa yako itarudi ndani ya siku saba za kazi." Hata hawakuulizi ulilipa vipi. Mimi nasema hapo ndipo tunachezwa.

Chukua wasee watatu waliorudisha raba za 2,400 Jumatatu. Mmoja alilipa kwa kadi, wa pili kwa benki, wa tatu kwa M-Pesa.

Wa kadi atangoja kweli. Pesa inatoka benki ya duka, inapitia Visa au Mastercard, halafu benki yake ndiyo inamwekea. Siku tano hadi kumi za kazi ni kawaida. Zikipita, aombe duka ARN, namba ya tarakimu 23 ambayo benki yake inaweza kufuatilia. Duka likizungukazunguka kuitoa, huenda hawajatuma kitu.

Wa benki anatumiwa malipo mapya kabisa, kwa hivyo lazima duka liwe na namba yake ya akaunti. Kwa PesaLink yanafika papo hapo, hata Jumapili. Kwa EFT yanangoja siku za kazi.

Sasa wa M-Pesa. Mtu wa duka akibonyeza tu, esemesi inaingia kwa sekunde. Kwa hivyo zile siku saba si za mtandao, ni za ofisi yao. Ama bosi hajaidhinisha, ama pesa ya tili ilishahamishiwa benki na hawajajaza tena. Hiyo ni shida yao, si yako! Wakikwambia "tushatuma," uliza swali moja: kodi ya muamala ni gani? Kama hakuna kodi, hakuna kilichotumwa. Na usikimbilie 456. Hiyo ni ya aliyetuma kwa namba isiyo yake, haisuluhishi ugomvi na duka.

Wakati unangoja, andika kwenye simu mstari mmoja: tarehe waliyokubali kurudisha, 2,400, njia, kodi ya malipo ya kwanza, na neno "inangojwa". Kama M-Pesa yako ina 1,100, basi uko na 1,100. Usijiandikie 3,500 halafu uahidi mtu rent. Pesa ya ahadi hailipi caretaker.

Wakituma 2,300 wakisema wamekata ada, usifunge ule mstari. Andika 2,300 imeingia, 100 bado inangojwa, kisha uliza ni ada gani na nani alikubali. Na ikiingia yote, usiiite mapato. Ni matumizi ya raba yamefutwa, basi.

Duka lililopokea pesa yako kwa sekunde halina sababu ya kuirudisha kwa wiki. Waambie hivyo, na uwatumie ile tarehe uliyoandika.