Fedha kiasi gani zinatosha kuishi bila kutegemea jembe wala mshahara?

Mtu akiuza shamba au akipata kiinua mgongo, swali la kwanza huwa hili: nikiwekeza fedha hizi, naweza kula faida yake mpaka uzee bila kufanya kazi tena? Jibu halianzi na ukubwa wa fedha. Linaanza na matumizi yako ya mwaka.

Tuchukue mfano wa familia ya watu watano kijijini. Kwa mwezi inatumia shilingi 400,000, sawa na milioni 4.8 kwa mwaka. Ada, matibabu, michango ya misiba na harusi, na ukarabati wa nyumba vinaongeza milioni 1.2. Jumla ni milioni 6.

Hapo wengi husahau kitu kimoja: chakula wanacholima wenyewe. Ukiacha jembe, magunia 10 ya mahindi itabidi uyanunue. Kwa shilingi 60,000 kila gunia, ni 600,000. Kwa hiyo hesabu ya kweli ya familia hii ni milioni 6.6 kwa mwaka.

Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipitia kumbukumbu za miaka mingi za hisa na hati fungani za nchini kwake. Aliona kwamba mstaafu akichota asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka akaongeza kiasi hicho kulingana na kupanda kwa bei, akiba ilidumu angalau miaka 30, hata kwa walioanza wakati mbaya. Asilimia 4 maana yake ni matumizi ya mwaka mara 25. Kwa familia yetu, milioni 6.6 mara 25 ni milioni 165.

Msikilizaji anaweza kushangaa. Hati fungani za muda mrefu za Serikali ya Tanzania zimewahi kulipa riba ya asilimia 12 na zaidi. Kwa asilimia 12, milioni 55 tu zinaleta milioni 6.6 kwa mwaka. Kwa nini basi utafute milioni 165?

Sababu ni kwamba riba ya hati fungani haibadiliki, lakini bei dukani zinapanda. Ukinunua hati ya miaka 25, utalipwa milioni 6.6 ileile mwaka wa kwanza na mwaka wa mwisho. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, baada ya miaka 18 hivi zinakuwa zimeongezeka mara mbili. Fedha iliyolisha nyumba nzima sasa inalisha nusu yake. Hata milioni 55 utakazorudishiwa mwishoni zitanunua vitu ambavyo leo vinauzwa kama milioni 20 tu.

Kwa hiyo riba yote si chakula. Sehemu inayolingana na mfumuko wa bei ni mbegu, lazima irudi shambani. Riba ikiwa asilimia 12 na bei zikipanda kwa 4, unachoweza kula ni asilimia 8. Gawanya milioni 6.6 kwa 0.08, unapata milioni 82.5.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu viwango hivyo havikai mahali pamoja. Mwaka 2012 mfumuko wa bei Tanzania ulipita asilimia 15. Riba nayo hushuka: utakapotaka kuwekeza tena faida yako, huenda hati mpya zinalipa asilimia 9 huku bei zikipanda kwa 5. Hapo kinachobaki cha kula ni asilimia 4, na tumerudi palepale kwenye milioni 165.

Utafiti wa Bengen ulitumia takwimu za Marekani na miaka 30. Anayeacha kazi akiwa na miaka 40 anahitaji fedha idumu zaidi ya hapo, hivyo ni salama zaidi kuhesabu asilimia 3. Kwa familia yetu hiyo ni milioni 220.

Na ukishaanza kuchota, pima kila mwaka. Gawanya matumizi ya mwaka kwa akiba iliyobaki. Tuseme baada ya miaka mitatu matumizi yamefika milioni 7.2 na akiba imeshuka hadi milioni 120. Unachota asilimia 6. Hiyo ni dalili ya hatari, hasa ikitokea mapema, kwani fedha iliyokwisha kuliwa haizai tena. Punguza matumizi, au rudi kulima yale magunia 10. Kila shilingi 100,000 unayopunguza kwa mwaka inapunguza mtaji unaohitaji kwa milioni 2.5.

Kama bado hujui matumizi yako ya mwaka, anza na daftari. Andika kila shilingi kwa miezi 12, msimu wa mavuno na msimu wa njaa, ndipo uzidishe.