Kupanga Upya Uso wa Simu ya Mama

Tumeulizwa na kijana mmoja wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo: simu ya mama yake, muuza kanga, imejaa alama ndogo ndogo, hata mama haioni ile ya M-Pesa na wateja wamemsimamia. Afanyeje? Jawabu letu ni hili.

Uso wa simu ya Android si simu yenyewe; ni programu kama nyingine, na vijana huiita lancha. Kwa hiyo yaweza kubadilishwa pasipo kugusa fedha, picha wala majina yaliyomo. Mojawapo iliyo bure ni Lawnchair, nayo hupatikana katika Play Store. Ukiisha kuiweka, fungua Settings, kisha Apps, kisha Default apps, kisha Home app, uichague. Utaona mpango wa zamani haupo, usifadhaike. Umehifadhiwa katika lancha ya kwanza, na ukiichagua tena pale pale utarudi.

Sasa tuje kwenye vyumba vya alama. Bonyeza kwa muda mahali patupu, ingia Home settings, utafute Home screen grid. Tuseme simu ya mama ina safu 5 na mistari 6, yaani vyumba 30. Kioo kikiwa na upana wa sentimeta 6.5, kila chumba kina sentimeta 1.3 tu. Mwekee safu 3 na mistari 4: vyumba 12, kila kimoja chapata kiasi cha sentimeta 2.2. Walakini chumba kupanuka si alama kukua. Nayo ina kipimo chake, Icon size, kiongeze. Usoni weka zile anazozitumia kila siku. Zilizosalia hazikupotea, zimo katika orodha ya programu zote, nayo hufunguka ukivuta uso kwenda juu.

Liko jambo la mikusanyo ya alama, iitwayo Icon pack. Vijana huipenda kama ile ya Arcticons, yenye alama za mistari myembamba ya rangi moja. Kwa kijana ni pambo. Kwa mama ni taabu, kwani yeye huitambua alama kwa rangi kabla ya herufi. Tena kila mkusanyo una orodha ya programu unazozijua, na za kwetu mara nyingi hazimo. Dalili yake ni uso ulio nusu mpya, nusu wa zamani. Hapo bonyeza alama kwa muda, chagua Customize, uipe picha kwa mkono. Ila kwa mama huyu twashauri alama za fedha zibaki na rangi zake za asili.

Mwisho, lancha haina kazi na ujumbe wa SMS. Ikiomba ruhusa ya kuusoma, iondoe siku ile ile.